Shajara ya mradi: ukurasa wa Instagram wa timu ya soka ya wasichana, Mbagala

Hii ni shajara ya kufungua na kuendesha ukurasa wa timu yetu ya soka ya wasichana wa miaka 12 hadi 17, hapa Mbagala. Ninaiandika nikiwa katibu wa timu, na lengo ni timu nyingine za mitaani zipate pa kuanzia. Yale ambayo kila mtu anayajua, kama kuweka nembo na kuandika maelezo ya juu, nimeyapitia kwa kasi. Nafasi nimeiacha kwa yaliyotukwama: ukurasa uwe wazi au ufungwe, nani aone nini, na mtu akianza kutukana au kuwasumbua watoto afanywe nini na kwa utaratibu upi.

Majina ya vitufe nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye simu, maana simu zetu nyingi zinatumia Instagram ya Kiingereza.

## 11 Januari 2025: laini na funguo

Timu ilikuwa na ukurasa zamani. Aliufungua kocha msaidizi kwa namba yake, akahama mkoa, laini ikafungwa kwa kutotumika, na nywila hakuna aliyeikumbuka. Ukurasa ule bado upo na picha za 2022, na hakuna anayeweza kuingia hata kuufuta. Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia picha, kikao cha kamati kilianza na swali la nani anashika funguo.

Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu, na timu yetu ya mtaani haina NIDA wala usajili wa taasisi. Tuliamua laini isajiliwe kwa jina la mtunza hazina, tukaandika kwenye muhtasari wa kikao kwamba ni laini ya timu na akiondoka madarakani ataikabidhi. Laini iligharimu Sh 1,000 kwa wakala pale Rangi Tatu. Tunaiwekea vocha ndogo kila mwezi ili isilale, kwa sababu namba iliyolala muda mrefu kampuni huifunga na baadaye kumuuzia mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayepokea ujumbe wa kufungulia akaunti yako.

Barua pepe tulifungua mpya ya timu. Uthibitisho wa hatua mbili tuliuwasha siku hiyo hiyo, kupitia `Accounts Center`, kisha `Password and security`, kisha `Two-factor authentication`. Hapo kuna namba za akiba, `Backup codes`. Tulizichapisha kwenye karatasi na kuitia kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya jalada la hazina. Simu ikiibiwa kwenye daladala, karatasi ile ndiyo itakayoturudisha ndani.

Wanaojua nywila ni wawili tu: mimi na mtunza hazina. Kocha hakupewa. Alinung'unika kidogo, tukamweleza kwamba akitaka kuposti anitumie picha.

## 18 Januari: tulianza kwa kufunga

Wazazi ndio waliotaka ukurasa uwe wa faragha. Hoja yao ilikuwa nzito: hawa ni watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Tukawasha `Private account` chini ya `Account privacy`. Ukiwasha, asiye mfuasi haoni posti wala stori zako. Anachoona ni jina, picha ya utambulisho na maelezo ya juu, na akitaka zaidi anatuma ombi ambalo wewe unalikubali au kulifuta.

Ilishindikana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba lengo la ukurasa ni kutafuta mechi za kirafiki na mtu wa kutununulia jezi. Kocha wa timu ya Temeke alitumiwa kiungo cha posti yetu kwenye WhatsApp, akakifungua, akakuta mlango umefungwa. Hakutuma ombi, alipiga simu kuuliza kama ukurasa umefutwa. Mfadhili asingepiga hata hiyo simu.

Ya pili ilinishangaza zaidi. Maombi yalikuja mengi, na nikawa sina namna ya kujua ni ya nani. Akaunti yenye picha ya ua na jina la utani inaweza kuwa ya shangazi wa beki wetu au ya mtu asiyejulikana kabisa. Nikimkubali, anaona kila kitu tulichokwisha kuweka. Wakati huohuo wazazi walikuwa wametulia wakidhani wanaoangalia ni ndugu tu, na sisi kwa kuamini hivyo tulikuwa tumeanza kuposti ratiba ya mazoezi na majina kamili ya watoto. Faragha ya namna ile inalinda tu pale unapomfahamu kila uliyemruhusu, na kwa ukurasa wa timu hilo haliwezekani.

## 1 Februari: kufungua, na foleni iliyoingia yote

Kamati ikakubali ukurasa uwe wazi. Tukaamua pia kuugeuza kuwa akaunti ya kitaaluma, kupitia `Account type and tools`, ili tuone takwimu za wafuasi wanatoka wapi. Timu itakayofuata njia hii ijue mambo matatu, kwa sababu hakuna aliyetuambia.

Akaunti ya kitaaluma haiwezi kufungwa. Ukitaka kuifunga tena lazima kwanza uirudishe kuwa ya binafsi, na baadhi ya takwimu unazipoteza.

Jambo la pili ni foleni. Unapotoka kwenye faragha kwenda wazi, maombi yote yaliyokuwa yanasubiri yanakubaliwa kwa mkupuo. Yale majina niliyokuwa nimeyaacha pembeni kwa kuwa siyajui yote yakawa wafuasi. Tiba yake ni kazi ya vidole: unaingia kwenye orodha ya wafuasi, unabonyeza `Remove` kwa mmoja mmoja. Anayeondolewa hapelekewi taarifa. Lakini kwenye ukurasa wazi kumwondoa mtu ni kazi ya bure, kwa kuwa anaweza kubonyeza `Follow` sekunde hiyo hiyo na kurudi. Kama unataka kusafisha, futa foleni kabla ya kufungua.

La tatu lilimwamsha mtunza hazina usiku. Akaunti ya kitaaluma huweka kitufe cha mawasiliano juu ya ukurasa, na sisi tulipojaza fomu tuliandika namba ya laini ya timu bila kufikiri kwamba itaonekana. Wanaume wasiojulikana wakaanza kupiga saa tano usiku wakiuliza "hao warembo mnafanya mazoezi wapi". Tuliizima kwenye `Edit profile`, sehemu ya `Contact options`, tukabakiza barua pepe peke yake. Simu zilipungua baada ya siku chache, ila namba iliyokwisha kunakiliwa haifutiki, na hadi leo moja moja inaita.

## 8 Februari: kutagi ndiko kulikowaanika watoto

Hapa ndipo tulipoanza kuelewa hatari yenyewe iko wapi. Mama yake nahodha alikuja uwanjani na simu ya bintiye. Watu wazima watatu walikuwa wamemtumia ujumbe kwenye akaunti yake binafsi, wakimsifia mwili wake. Swali letu likawa: walimpataje?

Jibu lilikuwa kwenye posti zetu. Tulipoweka picha ya kikosi tulikuwa tumemtagi kila mchezaji. Anayegusa picha anaona majina yote kumi na moja, anagusa jina, anafika kwenye akaunti ya mtoto, na akaunti nyingi za watoto zilikuwa wazi. Tukaondoa tagi zote. Tukadhani tumemaliza.

Mama yule, ambaye ni mhasibu na anapenda kufuatilia mambo hadi mwisho, ndiye aliyegundua tundu la pili. Alibonyeza namba ya akaunti ambazo ukurasa wetu unazifuata, na pale wakajipanga wachezaji wetu wote, kwa sababu siku ya kwanza tuliwafuata kwa furaha. Orodha hiyo kwenye ukurasa wazi kila mtu anaisoma. Tukaacha kuwafuata wachezaji. Sasa tunafuata timu, vyama vya soka na uwanja, basi.

Bado wachezaji wanatufuata sisi, na orodha ya wafuasi nayo inaonekana. Hilo hatuwezi kulizuia kwetu, linazuilika kwao. Tulikaa nao baada ya mazoezi, simu mkononi, kila mmoja akawasha `Private account` kwenye yake. Ukurasa wa timu uko wazi, akaunti za watoto zimefungwa: huu ndio mgawanyo tulioutafuta tangu Januari bila kuujua. Kwa mtoto faragha inafanya kazi, kwa sababu yeye anawajua rafiki zake kwa sura. Tuliwakumbusha pia kwamba kufunga akaunti hakumwondoi aliyekwisha kuwa mfuasi, hivyo kila mmoja alipitia orodha yake na kuondoa asiowajua. Kwa wengine ilichukua hadi magharibi.

Upande wetu tulibadili `Tags and mentions` ili asiyefuatwa na ukurasa asiweze kututagi, na tukawasha kuidhinisha tagi kwa mkono. Bila hivyo mtu anaweza kuitagi timu kwenye picha yoyote ya aibu, ikajipachika kwenye ukurasa wetu.

## 15 Februari: nini kiende wapi

Tuliandika ukurasa mmoja wa sheria, tukausaini. Kwenye Instagram tunaweka kilichokwisha kutokea: matokeo, picha za mchezo, shukrani kwa aliyetoa mipira. Hatuweki kitakachotokea, yaani siku, saa na uwanja wa mazoezi. Picha za mechi zinapandishwa tukiwa tumeshaondoka uwanjani. Jina la kwanza linatosha, na sare ya shule yenye beji haionekani, kwa sababu beji inamwambia mtu mtoto yuko wapi kila siku saa sita mchana.

Ridhaa ya mzazi tumeiweka kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na picha ya mtoto ni taarifa yake binafsi. Fomu ina maswali mawili: picha ya kundi itumike au isitumike, na picha ya mtoto peke yake itumike au isitumike. Wazazi wawili walikataa la pili, mmoja alikataa yote. Binti wa yule aliyekataa yote hupiga picha za timu badala ya kupigwa, na kusema kweli ndiye mpigapicha wetu bora. Kuchapa na kurudufu fomu kulitugharimu Sh 6,000.

Ratiba ikahamia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tulifikiria chaneli ya WhatsApp, kwa sababu kule wafuasi hawaoni namba za wenzao, lakini mwenye kiungo yeyote anaweza kuifuata na hatungejua ni nani. Kwa ratiba ya watoto hilo halifai. Kundi lina kasoro yake, kila mwanakundi anaona namba za wengine, hivyo tumeweka wazazi tu na hakuna mchezaji hata mmoja.

Wiki ya kwanza kiungo cha kundi kikasambazwa kwenye kundi jingine la mtaa, wakaingia watu wasio na mtoto kwetu. Tuliwatoa, tukabonyeza `Reset link` ili kiungo cha zamani kife, kisha tukawasha `Approve new members`. Sasa anayeomba kuingia anaulizwa mtoto wake anavaa jezi namba ngapi. Tumeizima pia ruhusa ya wote kuandika, maana kundi lilikuwa limeanza kujaa matangazo ya mikopo.

## 2 Machi: matusi ya kwanza, na kichujio kilichomficha mama wa maziwa

Tuliweka video ya bao kutoka mechi ya Jumamosi. Ilisambaa kuliko kawaida, na maoni yakaja mazuri na machafu. Machafu yalikuwa ya aina mbili: kuwaita watoto majike dume, na kuzungumzia miili yao.

Tulianza na `Hidden Words`. Kuna kichujio cha jumla cha Instagram, na kuna orodha yako mwenyewe chini ya `Manage custom words`, ambako unaandika maneno, vifungu vya maneno au hata emoji ukitenganisha kwa mkato. Kichujio cha jumla kiliyapitisha matusi mengi ya Kiswahili cha mtaani kama vile hakuyaona, kwa hiyo kazi ikawa kwenye orodha yetu.

Neno letu la Kiswahili halitulii mahali pamoja. Linavaa kiambishi mbele, linakuwa wingi, linaungwa au kutenganishwa. Hatukutaka kubahatisha kama programu itayatambua maumbo yote kutokana na moja, tukayaandika yote tuliyoweza kuyafikiria. Kwa tusi moja tu orodha ilionekana hivi:

```
jikedume, jike dume, jike-dume, majikedume,
majike dume, ujikedume, jkdume, jike d
```

Kijana anayecheza nasi kama kipa wa mazoezi ndiye aliyetusaidia zaidi. Sisi wazee wa kamati tulikuwa hatujui nusu ya maneno yanayotumika, wala kwamba "shepu" peke yake pale chini ya video ya mtoto tayari ni tatizo. Tuliiweka.

Halafu tukavuka mpaka. Mtu alikuwa ameandika kuhusu vifua vya watoto akitumia neno "maziwa", nasi tukaliingiza neno hilo kwenye orodha lilivyo. Jioni yake mama mmoja akapiga simu amekasirika: ameandika kwamba Jumamosi ataleta maziwa na maandazi kwa timu nzima, na kila akiandika hakuna anayemjibu. Maoni yake yalikuwa yamejificha pamoja na ya wahuni. Tulifungua `View hidden comments` chini ya posti, tukamkuta pale, tukamwomba radhi. Tangu hapo neno lenye matumizi mema hatuliweki peke yake, tunaweka kifungu kizima kinavyotumika vibaya. Na kila Jumapili ninapitia yaliyofichwa. Kichujio kisichokaguliwa kinawanyamazisha ndugu zako.

Video ilipozidi kusambaa tuliwasha `Limit interactions` kwa wiki moja. Hiki ni kitufe cha dharura: maoni na ujumbe wa wasiokufuata, pamoja na waliokufuata siku za karibuni, havionekani hadi uvikubali. Kwa ukurasa mdogo wenye mtu mmoja wa kuuangalia kilitupa pumzi. Hatukukiacha muda mrefu kwa sababu kinawakwaza pia makocha wa timu ngeni wanaotaka kutuandikia mara ya kwanza.

## 16 Machi: akaunti moja, hatua kwa hatua

Matusi ya wapita njia yanaishia kwenye kichujio. Aliyetuchosha alikuwa mmoja, na nitaeleza mkasa wake kwa kirefu kwa kuwa ndio uliotufundisha mpangilio.

Alianza kwa sifa. Kila posti ya winga wetu wa kulia aliandika maneno matamu. Kisha akaanza kuuliza anaishi mtaa gani. Tulipofuta swali lile, akatukana. Kamati ilitaka azuiwe papo hapo, na mmoja wetu akabonyeza `Block`.

Dakika hiyo maoni yake yote yakatoweka kwenye ukurasa wetu. Instagram inapomzuia mtu inaondoa maoni yake na alama zake za kupenda kutoka kwenye posti zako, na ukimwachilia baadaye hayarudi. Tulikuwa tumejisafisha, na tumepoteza kila alichoandika kuhusu mtoto yule. Siku ya pili ikaja akaunti mpya yenye jina linalofanana, ikauliza swali lile lile la mtaa. Hatukuwa na chochote cha kuonyesha kwamba ni mtu yule yule.

Safari hii tulikwenda taratibu. Kwanza tulimwekea `Restrict`. Mtu aliyewekewa hivyo hajui. Anaendelea kuandika, anayaona maoni yake mwenyewe, lakini wengine hawayaoni hadi uyaruhusu, na ujumbe wake unakwenda kwenye maombi, wala hajui kama umeusoma. Ukimzuia mtu wa namna hii anagundua haraka na kufungua akaunti nyingine, ila ukimbana kimya anabaki akiongea na ukuta, na wewe unapata nafasi ya kuandika yote.

Kisha tukakusanya. Kwa kila oni tulipiga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, maneno na posti iliyo juu yake, tukanakili kiungo cha posti, na kuandika tarehe na saa kwenye daftari. Maoni ya Instagram huonyesha muda kwa mtindo wa "wiki 2", ambao baada ya mwezi hauna maana, kwa hiyo saa iandike wewe. Tulifungua pia `About this account` kwenye ukurasa wake, ambako huonekana mwezi akaunti ilipofunguliwa na kama imewahi kubadili jina. Hiyo iliyotusumbua ilikuwa imefunguliwa mwezi ule ule. Kiungo na picha ya ukurasa wake ni muhimu kwa sababu jina mtu hulibadili kwa sekunde, na picha yenye jina la zamani pekee itakuwa inamtaja asiyekuwepo.

Baada ya hapo tuliripoti kupitia `Report`, na mwisho kabisa tukamzuia. Unapozuia, Instagram inauliza kama uzuie akaunti hiyo pekee au pamoja na nyingine alizonazo na atakazofungua. Chagua ya pili. Inasaidia anapofungua nyingine kwa simu au mawasiliano yale yale. Haisaidii akitumia simu ya rafiki, na kwa kuwa ukurasa wetu uko wazi, bado ataweza kuutazama kwa akaunti ambayo hatuijui. Kuzuia kunafunga mdomo wa akaunti moja, hakufungi macho. Ndiyo maana sheria za 15 Februari zina uzito kuliko kitufe hiki: atakayerudi kwa siri hatakuta mtaa, saa wala jina kamili.

## 23 Machi: daftari likaenda kituoni

Mzazi wa winga alitaka jambo lisiishie kwenye simu. Tulikuwa tumeshauriana na wakili mmoja jirani, akatuelekeza Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 23, kinachohusu unyanyasaji kwa njia ya mtandao. Tulichapisha picha zote kwa mpangilio wa tarehe, tukaambatanisha viungo, na mzazi mwenyewe ndiye aliyekwenda kutoa taarifa, kwa sababu aliyedhurika ni mtoto wake, mimi nikaongozana naye.

Mapokezi yalikuwa ya kusitasita mwanzoni, "mtu wa mtandaoni mtampata wapi". Daftari ndilo lililobadili mazungumzo. Askari alisoma swali la mtaa likirudiwa na akaunti mbili, akaandika maelezo, tukapewa namba ya RB. Kuchapa kulikuwa Sh 4,500, na nauli. Kama tungebaki na maoni yaliyofutika ya akaunti ya kwanza tungekuwa na hadithi tu. Bahati yetu wazazi wawili walikuwa wamepiga picha zao za maoni yale kabla hayajatoweka, tukaziongeza.

Winga tulimuuliza yeye mwenyewe kama anataka picha zake zibaki. Alisema zile za bao zibaki, zile anazotazama kamera zitoke. Tukafanya hivyo.

## 12 Aprili: hali ilivyo

Ramadhani tulihamishia mazoezi usiku baada ya futari, na kwa mara ya kwanza hakuna mgeni aliyejitokeza pembeni ya uwanja, kwa sababu badiliko lile lilipita kwenye kundi la wazazi pekee. Mwezi Januari, tulipokuwa tunaposti ratiba, kila Jumamosi palikuwa na vijana wa bodaboda wakingoja geti.

Mechi za kirafiki tumepata mbili kupitia ukurasa, moja ya Chamazi. Jezi bado. Duka moja la vifaa vya michezo Kariakoo limeuliza bei ya kuandika jina lao mgongoni, tunasubiri jibu.

Orodha ya `Hidden Words` tunaiongeza kila kukicha, na nimeiweka pia kwenye daftari ili akaunti ikipotea tusianze upya. Kazi ya kukagua maoni inanichukua kama nusu saa jioni, na bando la mwezi ni Sh 10,000 ambazo kamati imekubali kuzirudisha. Mama mhasibu amekubali kuwa mkaguzi wa pili, kwa sharti kwamba nywila ibadilishwe kwanza, maana kocha alikuwa ameshaipata kwa kuchungulia.

Linalofuata ni fomu za ridhaa za wachezaji wapya sita waliojiunga wiki hii. Hadi fomu zirudi, picha za kikosi zinapigwa bila wao.